Kadi 24, lugha mbili: mwongozo kamili wa kumchezesha mtoto maneno ya Kiingereza nyumbani

Mtoto wa gredi ya pili Nairobi hukutana na neno "bucket" darasani, akalisoma, akalinakili, mwalimu akampigia tiki. Jioni anatumwa ndoo, anaileta, na neno lile la asubuhi halimjii kabisa. Si kwamba hajafundishwa. Amelitambua likiwa mbele ya macho yake, lakini hajawahi kulitafuta kichwani mwenyewe akalitoa. Michezo ninayoeleza hapa inafanya kazi hiyo moja: kumlazimisha mtoto alitafute neno kabla ya kuambiwa, huku maana, vichekesho na ubishi vikibaki katika lugha ya nyumbani.

Lugha ya nyumbani haiko hapa kwa huruma. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya elimu Kenya imetaka madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na katika mji kama Nairobi lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Kwa vitendo, shule nyingi huanza Kiingereza mapema sana, na mtoto hufika nyumbani kwenye Kiswahili, Kikamba, Dholuo, Kikuyu au Kiluhya, na Sheng ya nje ya geti. Mchezo mzuri huzipa lugha hizi kazi tofauti. Moja inauliza, nyingine inajibu, kisha zinabadilishana.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa miaka 6 hadi 10. Unahitaji pakiti moja ya kadi 24, dakika kama kumi na tano kwa siku, na wachezaji wawili hadi wanne.

Kuchagua maneno

Hapa ndipo wengi huharakisha na kuharibu kila kitu kinachofuata. Pakiti yangu ina familia nne za maneno, na kila familia ina maneno sita yanayoanza kwa herufi zilezile sita: b, c, m, p, s na t. Imepangwa kama karata, yaani familia ni kama maua na herufi ni kama namba.

Jikoni: "bucket", "cup", "matches", "plate", "spoon", "table".
Wanyama: "bee", "cow", "monkey", "pigeon", "snake", "tortoise".
Chakula: "beans", "cabbage", "milk", "potato", "salt", "tomato".
Barabarani: "bus", "car", "market", "policeman", "school", "train".

Angalia kwamba kila herufi ina sauti moja tu mwanzoni mwa neno. Maneno yote ya c huanza kwa sauti ya k, na maneno yote ya s huanza kwa s safi. Nimeacha "sheep" na "shop" makusudi, kwa sababu mtoto anayejifunza kusoma ataona s akasikia sh, na mchezo utageuka mjadala wa tahajia. "Chicken" nayo imebaki nje kwa sababu hiyohiyo.

Sehemu za mwili pia hazimo. Kwa Kiswahili mkono ni mkono, kuanzia begani hadi vidoleni, lakini Kiingereza hugawa "arm" na "hand". Mchele, mpunga na wali nazo zote huishia kwenye "rice". Maneno ya aina hii yana raha yake baadaye, lakini katika pakiti ya kwanza kila picha iwe na jina moja huku na jina moja kule.

Kutengeneza kadi

Nunua karatasi moja ya manila. Ikiwa ni ya saizi ya A1, yaani karibu sentimita 59 kwa 84, ukikata kadi za sentimita 6 kwa 9 utapata zaidi ya 80, kwa hiyo moja inatosha pakiti hii na nyingine mbili za baadaye. Boksi la nafaka au la sabuni pia linafaa, na hudumu zaidi, ila upande wenye maandishi ufunikwe kwa karatasi ya rangi moja.

Chora kila kitu kwa kalamu ya biki au kreyoni. Maka huvuja hadi nyuma ya manila, na watoto ni wapelelezi: baada ya michezo miwili watajua kadi yenye doa kule nyuma ni nyoka. Nyuma za kadi zote lazima zifanane kabisa. Kwa juu, upande wa picha, piga mstari wa rangi ya familia: nyekundu kwa jikoni, kijani kwa wanyama, manjano kwa chakula, bluu kwa barabarani.

Usiandike neno lolote kwenye kadi. Neno likiwepo, mtoto atalisoma badala ya kulikumbuka, na kazi yote imepotea. Andika maneno kwenye karatasi moja pembeni, safu ya Kiingereza na safu ya lugha yenu, uigeuze kifudifudi. Hiyo ndiyo karatasi ya majibu, na hufunuliwa tu kukiwa na ubishi.

Kabla ya mchezo wowote, mwonyeshe mtoto picha zote 24 na umuulize kwa lugha ya nyumbani kila moja ni nini. Akisema kikombe ukiwa umechora ndoo, rekebisha mchoro: ongeza mshikio wa juu na matone ya maji. Akiita soko kibanda, chora vibanda vitatu na watu wengi. Akisema nyani na wewe ulitaka tumbili, mwache, zote mbili zitaitwa "monkey" kwenye mchezo wetu.

Zoezi hili dogo hufichua jambo jingine. Watoto wengi wa Nairobi hawana jina la kobe katika lugha ya babu zao. Katika nyumba moja ninayoifahamu Umoja, watoto walikwama wote, na nyanya yao, aliyekuwa amekuja kutoka Siaya, ndiye aliyetoa "opuk" kwa kobe na "thuol" kwa nyoka. Kuanzia hapo akawa mchezaji. Kama kwenu kuna mtu kama huyo, mwache yeye ashike safu ya lugha ya nyumbani kwenye karatasi ya majibu. Na mtoto akiita gari ndai, Sheng yake ikubaliwe anapotoa fumbo, ila kwenye karatasi andika gari.

Mchezo wa kwanza: kitendawili

Usianze na maneno yote 24. Wiki ya kwanza toa yale manane ya b na c. Wiki ya pili ongeza ya m na p, ya tatu ya s na t. Mtoto akipewa maneno mengi mapya kwa mkupuo, hubahatisha ovyo, na kubahatisha ovyo hakumjengi.

Changanya kadi, zilaze kifudifudi. Mmoja huokota moja, haionyeshi, na kusema, "Kitendawili!" Wengine hujibu, "Tega!" Kisha anatoa fumbo kwa lugha ya nyumbani, bila kutaja jina. Kwa kadi ya nyuki anaweza kusema, "Mdogo, ana mabawa, ukimkasirisha analipiza." Anayejibu lazima ajibu kwa Kiingereza: "bee".

Zamu ya kujibu iwe ya mtoto mmoja kwa wakati, wengine wakisubiri. Hesabu kimya hadi tano kabla ya kusaidia. Sekunde hizo tano ndizo mchezo wenyewe, na ndizo watu wazima hushindwa kuvumilia: mtoto anakunja uso, mama anamwonea huruma, anamnong'oneza neno, na nafasi ya kulitafuta imekwisha. Baada ya hesabu, msaidie kwa sauti ya kwanza tu, b, kisha mngoje tena. Asipolipata, anatoa mji kama kwenye vitendawili vyetu vyote. Mtega fumbo anaupokea, "Nilienda Kisumu, nikakuta bee," na wote wanalitamka pamoja. Kadi hiyo inarudi katikati ya rundo, si chini kabisa, ili ijitokeze tena kabla mchezo haujaisha.

Mtoto akijibu "nyuki" badala ya "bee", usimwambie amekosea, kwa sababu amelifumbua fumbo sawasawa. Mwambie, "Ndiyo, ni nyuki. Na kwa Kiingereza?" Jibu la nyumbani lina pointi moja, la Kiingereza lina mbili. Mgawo huo wa pointi huwaweka watoto wa rika tofauti kwenye mchezo mmoja, kwani mdogo wa miaka mitano anaweza kupata moja moja na asikate tamaa.

Wiki ya tatu au ya nne, geuza lugha. Fumbo sasa ni kwa Kiingereza, jibu kwa lugha ya nyumbani. Mtoto hawezi kutunga fumbo la Kiingereza kutoka hewani, kwa hiyo mpe mianzo mitatu tu na mirudie pamoja hadi izoeleke: "It is…", "It has…", "It can…" Hivi ndivyo fumbo moja lilivyokwenda nikiangalia. Msichana wa miaka tisa alishika kadi yake kifuani akasema, "It has four legs." Mdogo wake akarukia, "Ng'ombe!" Akatikisa kichwa: "It cannot walk." Kimya. Yule mdogo akaangalia huku na huku chumbani, akapiga mkono juu ya kile alichokuwa ameegemea: "Meza!" Sentensi mbili za Kiingereza, maneno machache kabisa, na watoto wote wawili walilazimika kuelewa kila neno. Ona pia kwamba "cannot" haikuwa kwenye mianzo yangu, msichana aliihitaji akaitafuta.

Mchezo wa pili: kadi ya maneno

Vijana wa Nairobi wana mchezo wao wa karata unaoitwa kadi, na watoto wameutazama kwenye ngazi za ploti tangu wakiwa wadogo. Unaweka karata inayolingana na ya juu kwa ua au kwa namba, na kabla ya kumaliza unatangaza "niko kadi". Pakiti yetu ilipangwa kwa familia na herufi ili sheria hizo zihamie moja kwa moja.

Subiri hadi kadi zote 24 ziwe zimefahamika. Mpe kila mchezaji kadi nne, weka rundo kifudifudi, funua moja. Anayecheza anaweka kadi ya rangi ileile, au kadi ambayo neno lake la Kiingereza linaanza kwa herufi ileile. Akiiweka anataja jina la nyumbani, kisha la Kiingereza. Akikosa la Kiingereza, anairudisha mkononi, anaokota moja kwenye rundo, na zamu inapita. Asiye na kadi ya kuweka huokota pia.

Sasa tazama kinachotokea kichwani. Tuseme juu ya rundo kuna ng'ombe, na mtoto wa kwanza ameshika njiwa, chumvi, kikombe na treni. Kwa rangi anaweza kuweka njiwa. Lakini "pigeon" limemtoka, na akiweka kadi asiyoweza kuitaja ataokota. Basi anapitia zilizobaki kimoyomoyo: "salt", hapana, "cup", ndiyo, inalingana na "cow". Anaweka, "Kikombe, cup." Wa pili ana maziwa, sahani, tumbili na shule. Rangi nyekundu iko juu, anaweka sahani: "plate". Wa tatu ana kiazi, maharagwe, polisi na nyanya. Hana nyekundu, kwa hiyo inabidi atafute herufi p, na ili aipate lazima ataje kimya majina yote manne: "potato", "beans", "policeman", "tomato". Ametaja maneno manne kwa ajili ya kuweka kadi moja, na hakuna aliyemwambia arudie.

Kwa sababu hiyo, ulinganishaji wa herufi ndio wenye thamani kubwa. Mchunguze mtoto anayeweka kwa rangi kila mara: macho yake yako kwenye mstari wa juu, hayako kwenye picha. Huyo anaepa kutafuta. Ongeza sheria kwamba hakuna kuweka kwa rangi mara tatu mfululizo, na zamu ya tatu iwe kwa herufi au aokote.

Kwenye kadi ya mitaani kuna karata za swali, ambazo haziachwi bila jibu. Kwetu kadi zote za t ni za swali. Anayeweka treni humuuliza anayefuata swali fupi kwa Kiingereza, "Where do you see a train?" Jibu laweza kuwa kwa lugha yoyote. Mtoto akisema "pale Makadara" ameelewa swali, na hilo ndilo tulilotaka. Aliyebakiwa na moja hutangaza "niko kadi", na ya mwisho huwekwa kwa sentensi nzima: "This is a spoon."

Sauti zinazokwama

Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto huongeza irabu mwishoni: "kapu" kwa "cup", "milki" kwa "milk". Maneno yanayofanana na yetu ndiyo hatari zaidi, maana mtoto anadhani tayari anayajua. "Bus" hutoka "basi", "train" hutoka "treni", "policeman" hukatwa ikawa "polisi". Kwenye "bus", mwambie aivute s ya mwisho kama tairi linalopungua upepo, kisha afunge mdomo. Usisahihishe katikati ya mchezo. Rudia neno kwa usahihi ukipokea kadi, "Ndiyo, bus," na endelea.

"Spoon", "snake" na "school" zina konsonanti mbili mwanzoni, na wengi huzitenganisha: "sipuni", "sineki". Ivute s peke yake kwanza, halafu uunganishe na sehemu ya pili: sss, kisha "poon". Sauti nyingine hutegemea lugha ya kwanza. Mtoto wa nyumba inayoongea Kikuyu anaweza kusema "prate", kwa sababu l haimo katika lugha hiyo. Neno lake likieleweka, mpe pointi. Matamshi yatanyooka kwa kusikia, na mtoto anayekatizwa kila zamu huanza kuchagua kunyamaza.

Bahasha tatu

Michezo pekee ina kasoro moja: mtoto hukutana zaidi na maneno anayoyajua, kwa kuwa ndiyo anayoyacheza. Dawa yake ni mbinu ya visanduku ambayo Mjerumani Sebastian Leitner aliieneza miaka ya 1970. Sisi tunatumia bahasha tatu za kaki. Kadi zote huanzia bahasha ya kwanza. Baada ya mchezo, mwonyeshe picha moja moja, ukihesabu kimya hadi tatu. Akiitaja kwa Kiingereza, kadi inapanda bahasha moja. Akikosa, inarudi ya kwanza hata kama ilikuwa imefika ya tatu. Bahasha ya kwanza hufunguliwa kila siku, ya pili Jumatatu na Alhamisi, ya tatu Jumamosi tu.

Mtoto mwenyewe ndiye ahamishe kadi. Na mara moja kwa wiki geuza upande: soma neno la Kiingereza, yeye ataje la nyumbani. Kukiwa na kadi isiyotoka bahasha ya kwanza kwa wiki mbili, tazama tatizo liko wapi. Kama anakosa hata jina la nyumbani, mchoro ni mbaya au kitu chenyewe hakijui. Kiberiti, kwa mfano, kinaweza kuwa kigeni kwa mtoto wa nyumba inayopika kwa gesi ya kujiwasha. Badilisha kadi hiyo na "mat", mkeka, herufi ibaki ileile.

Mahali michezo hii inapoishia

Pakiti hii hufundisha majina ya vitu. Haifundishi kusoma, wala haifundishi sentensi zaidi ya ile mianzo mitatu. Vitenzi havichoreki vizuri. Vichezeshe kwa kuigiza: mtoto anafua au anaruka bila kusema, wengine wanataja. Na kadi zote zikishakaa bahasha ya tatu kwa Jumamosi mbili, raha ya mchezo hushuka haraka, kwani hakuna tena cha kutafuta. Hapo tengeneza pakiti mpya kutoka manila iliyobaki.

Ukichagua herufi za pakiti ya pili, epuka g, kwa sababu "goat" na "giraffe" hazianzi kwa sauti moja, na epuka k kwa ajili ya "knife", ambayo k yake haisikiki. Herufi d, f, h, l, n na r zinafaa. Familia zinaweza kuwa nguo, wadudu na ndege, shuleni, na watu wa mtaa, na kama familia moja ikikosa neno la herufi fulani, acha nafasi hiyo wazi badala ya kuingiza neno ambalo mtoto hatalikuta popote Nairobi. Kadi 22 zinachezeka sawasawa na 24, mradi kila herufi iwe kwenye angalau familia tatu.